Losi imeganda 2.303 mara mbili, ugonjwa sio mmoja: sigmoidi, tanh na ReLU kwenye mtandao uleule

Kisa ni cha jamaa aliyekuwa anajenga mtandao wa niuroni wa kutambua tarakimu za mkono, zile picha za MNIST ambazo karibu kila mtu anaanzia hapo. Picha 60,000 za kufundishia na 10,000 za kupimia, kila picha ni pikseli 28 kwa 28, yaani namba 784 kati ya 0 na 1, na majibu ni 10, kuanzia 0 mpaka 9. Mwanzo alikuwa na leya moja tu ya kati yenye niuroni 100, aktivesheni sigmoidi, na ilijifunza vizuri tu. Akawaza kama leya moja inafanya hivi basi nane zitafanya maajabu, akapanga leya nane za niuroni 100 kila moja, sigmoidi kote, uzito kaanzisha na `xavier_uniform_`, SGD ya kawaida na kasi ya kujifunza `lr=0.1`, akawasha.

Losi ikakaa 2.30. Epoki ya kwanza 2.30, ya tano 2.30, ya ishirini 2.30, na usahihi kwenye picha za kupimia umeganda asilimia 11.35 haupandi haushuki.

Sasa kabla ya kugusa chochote hizo namba mbili zenyewe zinaongea, na watu wengi wanazipita tu. 2.3026 ni logi asilia ya 10, ndio losi unayopata ukiyapa majibu yote kumi uwezekano sawa wa 0.1 bila hata kuangalia picha. Na 11.35 je? Kwenye zile picha 10,000 za kupimia tarakimu 1 ziko 1,135, ndo tarakimu iliyo nyingi kuliko zote. Kwa hiyo mtandao unasema "1" kwa kila picha unayoupa. Yaani kitu pekee ulichojifunza ni tarakimu ipi inatokea mara nyingi zaidi, na hicho unaweza kukijua kwa bayasi za leya ya mwisho tu, picha haihitajiki. Hapo tayari tunajua kwamba taarifa ya picha haifiki juu, au lawama ya kosa haifiki chini, au vyote viwili.

Kupima ni rahisi, baada ya `loss.backward()` unachapisha ukubwa wa gredienti ya kila leya:

```python
for i, m in enumerate(net):
    if isinstance(m, nn.Linear):
        print(i, m.weight.grad.norm().item())
```

Akikimbiza hii anaona namba zinapungua kwa kishindo kadiri anavyoshuka kuelekea kwenye ingizo, kila leya ni kama robo ya ile iliyo juu yake. Robo haijatokea hewani. Tuite z ile jumla inayoingia kwenye niuroni na s tokeo la sigmoidi, mteremko wa sigmoidi ni `s*(1-s)`, na kilele chake kabisa, pale z ikiwa 0 na s ikiwa 0.5, ni 0.25. Hakuna mahali popote kwenye sigmoidi mteremko unazidi hapo, z ikifika 2 umeshuka mpaka kama 0.105, ikifika 5 ni 0.0066. Backprop ikirudisha kosa kutoka leya moja kwenda ya chini inalizidisha na uzito halafu na huo mteremko. Xavier imepanga uzito ili kuzidisha na uzito kusibadilishe ukubwa kwa wastani, kwa hiyo kinachobaki ni robo, tena hiyo ni hali nzuri kabisa. Kutoka leya ya nane kurudi ya kwanza kuna hatua saba, 4 kwa kipeo cha 7 ni 16,384, kwa hiyo leya ya kwanza inasukumwa kwa nguvu ndogo mara elfu kumi na sita hivi kuliko ya nane. Inajifunza, ndio, ila kwa mwendo ambao hutauona maisha yako yote.

Mtu atasema basi ongeza `lr`. Uongeze kiasi gani? Ukiongeza mara elfu kumi na sita ili leya ya kwanza itembee, ile ya juu inalipuka siku hiyohiyo. Adam inasaidia kidogo kwa sababu inagawanya kila gredienti kwa ukubwa wake yenyewe, na wakati mwingine mtandao unajikwamua baadaye, lakini kuna nusu ya pili ya tatizo ambayo Adam haiigusi na ndo nusu watu wanayoisahau.

Nusu hiyo ni ya kwenda mbele. Ule mteremko wa robo haufanyi kazi kwenye kosa linalorudi tu, unafanya kazi pia kwenye tofauti kati ya picha na picha. Chukua picha ya 3 na picha ya 8, zikiingia zina tofauti fulani, zikipita sigmoidi ya kwanza tofauti yao inakuwa robo, ya pili robo ya robo, ni sawa na kutoa fotokopi ya fotokopi, mpaka leya ya nane tofauti imepungua mara 65,536. Leya ya mwisho inaletewa niuroni 100 zenye thamani zilezile kwa kila picha, tofauti iko huko kwenye desimali ya tano. Itafanya nini zaidi ya kutegemea bayasi zake? Ndo ile 2.30 na ile 11.35, hapo zimeeleweka zote.

Kuna jambo jingine la sigmoidi ambalo Glorot na Bengio walilionyesha mwaka 2010 kwenye karatasi yao kuhusu ugumu wa kufundisha mitandao yenye kina, na mimi nalipenda kwa sababu linaonyesha shida haiishii kwenye kuzidisha robo. Mwanzoni mwa mafunzo kinachotoka leya ya juu hakina maana yoyote, ni kelele, kwa hiyo njia fupi ya kupunguza losi ni kuipuuza hiyo kelele na kubaki na bayasi. Kuipuuza maana yake kusukuma tokeo la leya ya juu liende 0. Kwa tanh hakuna neno, 0 iko katikati kabisa, pale mteremko ulipo mkubwa, ukifika hapo bado unaweza kuondoka. Kwa sigmoidi 0 iko mkiani, kule z ni hasi sana na mteremko ni karibu hakuna, kwa hiyo leya inakimbilia mahali ambapo kutoka kwake ni kwa taabu. Mtandao unajifungia mlango wenyewe kwenye hatua za mwanzo kabisa za mafunzo.

Basi jamaa akabadilisha neno moja tu, `Sigmoid` ikawa `Tanh`, vingine vyote vilevile, na losi ikaanza kushuka ndani ya epoki ya kwanza. Tanh kimsingi ni sigmoidi iliyonyoshwa na kushushwa, `tanh(z) = 2*s(2z) - 1`, lakini huo unyoshaji ndo unaobadilisha mambo. Mteremko wake pale 0 ni 1 badala ya 0.25, na matokeo yake yanazunguka 0 badala ya kuwa chanya yote. Xavier ilitengenezwa ikifikiria kitu cha namna hiyo, mteremko wa 1 karibu na sifuri, kwa hiyo kosa linarudi chini likiwa na ukubwa wa kueleweka na tofauti za picha zinapanda juu bila kufutika.

Ila tanh nayo ina mikia, na mikia yake ni mikali kuliko ya sigmoidi. Pale z ikiwa 1 mteremko ni 0.42, ikiwa 3 ni kama 0.0099. Angeanzisha uzito kwa `torch.randn` mbichi bila kugawanya, kila niuroni ingejumlisha vitu 100 vyenye ukubwa wa karibu 1 na z zingetawanyika mpaka 10 huko, ambako mteremko wa tanh ni kama 0.000000008. Hapo umerudi kulekule kwa njia nyingine. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema tanh inafanya kazi au haifanyi muulize kwanza uzito ulianzaje, maana bila hilo jibu halina maana.

Hapo angeweza kuacha. Lakini kasoma kwamba ReLU inafundishika haraka zaidi, na ni kweli, kwenye karatasi ya AlexNet ya 2012 wanaonyesha mtandao mdogo wa konvolusheni wa leya nne ukifika kosa la asilimia 25 kwenye data ya mafunzo ya CIFAR-10 mara sita haraka zaidi kwa ReLU kuliko kwa tanh. ReLU ni `max(0, z)`, basi. Upande wa chanya mteremko ni 1 kamili, z iwe 0.3 au 300, hakuna mkia wa kukwama. Upande wa hasi mteremko ni 0 kamili.

Akabadilisha, na safari hii kabadilisha pia uanzishaji kwenda `kaiming_normal_`, ambao ni sahihi. Sababu ni hesabu ndogo tu, kwenye ReLU karibu nusu ya niuroni zinazimika kwa kila picha, kwa hiyo ukubwa wa mraba wa ishara unakatwa nusu kila leya, na Kaiming He na wenzake mwaka 2015 wakafidia kwa kuongeza varianzi ya uzito iwe `2/n` badala ya `1/n`. Kwa leya nane hata ungesahau usingeumia sana, ishara ingepungua mara 16 tu, linganisha na ile 65,536 ya sigmoidi. Kwa leya 30 ni mara 32,768 na hapo mtandao unaganda kweli, wenyewe walionyesha modeli ya leya 30 ikigoma na Xavier na ikikubali na mbinu yao.

Tatizo likawa kwamba kwa kuwa kaambiwa ReLU ni ya haraka, kapandisha `lr` mpaka 0.5. Losi ikashuka kidogo, ikaruka juu, halafu ikatulia. Wapi? 2.30. Usahihi 11.35. Namba zilezile kabisa za sigmoidi.

Sasa hapa ndo kisa kinakuwa kitamu, maana mtu wa haraka angesema gredienti zimepotea tena, akaongeza `lr` zaidi au akabadilisha uanzishaji, na vyote viwili ni dawa ya ugonjwa mwingine. Ukichapisha gredienti kwa ule msimbo wa juu unaona tofauti mara moja. Kwenye sigmoidi zilikuwa ndogo, zinapungua hatua kwa hatua, ila ziko. Hapa kuanzia leya fulani kushuka chini ni `0.0`, sifuri kamili, sio 0.0000001. Sifuri kamili haiji kwa kuzidisha robo mara saba, inakuja pale niuroni zote za leya moja zimezima kwa picha zote. Leya hiyo inatoa sifuri tupu, zilizo juu yake zinaona kitu kilekile daima, zilizo chini hazipati lawama yoyote, na bayasi za mwisho zinajifunza idadi ya tarakimu kama kawaida. Dalili moja, chanzo tofauti.

Zimekufaje? Tuangalie niuroni moja ya leya ya kwanza. Pikseli za MNIST zikiwa ghafi kati ya 0 na 1 hakuna iliyo hasi. Gredienti ya kila uzito ni kosa la hiyo niuroni, tuliite d, mara pikseli yake. Kwa picha moja d ni namba moja, kwa hiyo uzito wote wa niuroni unasukumwa upande mmoja, wote chini au wote juu. Ukipiga hatua moja z ya picha hiyohiyo inabadilika kwa `lr * d * (jumla ya miraba ya pikseli + 1)`, na kwa picha ya wastani ya MNIST hiyo jumla ya miraba ni kama 88. Weka `lr=0.5` na tuseme d ni 0.1, z inashuka 4.4 kwa hatua moja. Na z ilikuwa na ukubwa gani mwanzoni? Kwa uanzishaji wa He varianzi ya uzito ni 2/784, zidisha na 88, toa kipeuo, unapata kama 0.47. Yaani umeisukuma niuroni karibu mara kumi ya ukubwa wake wa kawaida. Picha nyingine nazo zinagawana pikseli za katikati na hii, hata ikigawana theluthi tu inashuka kama 1.5, ambayo bado ni mara tatu ya ukubwa wa kawaida. Hatua moja mbaya hivo na niuroni iko upande wa hasi kwa picha zote 60,000, mteremko 0, gredienti 0, hakuna hatua nyingine itakayoigusa tena.

Bachi inapunguza ukali kwa sababu d za picha tofauti zinakinzana kidogo, ndo maana kwa kawaida sio zote zinakufa, zinakufa baadhi. Tena niuroni za leya za juu zinaweza kufufuka, maana ingizo lao linatoka leya za chini na hizo zikibadilika z yao inabadilika. Za leya ya kwanza ndo hazina bahati hiyo, ingizo lao ni picha zenyewe na picha hazibadiliki.

Kuhesabu waliokufa:

```python
with torch.no_grad():
    h = net[:2](X)                  # Linear + ReLU ya kwanza
    zimekufa = (h > 0).sum(dim=0) == 0
print(zimekufa.sum().item())
```

Hapo X iwe data yote ya mafunzo, usitumie bachi moja ya picha 64. ReLU inayofanya kazi vizuri inatoa sifuri nyingi tu, hiyo ni tabia yake, na niuroni inayowaka kwa tarakimu 7 zenye mkato katikati inaweza isiwake hata mara moja kwenye bachi ndogo halafu wewe ukaandika cheti cha kifo. Aliyekufa ni yule asiyewaka kwa picha hata moja.

Dawa. Watu wengi wanarukia `LeakyReLU` moja kwa moja, na mimi naona hiyo iwe ya tatu. Ya kwanza ni kurudisha `lr` kwenye 0.1, kwa sababu hatua ya 4.4 ni kubwa kupita kiasi kwa aktivesheni yoyote ile, ReLU tu ndo haikusamehi. Ya pili ni kuzitoa pikseli wastani wake, 0.1307, na kugawanya kwa 0.3081, ili baadhi ziwe hasi na uzito wa niuroni usisukumwe wote upande mmoja. Alifanya hizo mbili na mtandao ukajifunza bila shida, waliokufa leya ya kwanza wakawa wachache wasiostahili kukosesha mtu usingizi.

`LeakyReLU` inafanya nini basi? Upande wa hasi badala ya 0 inaweka mteremko mdogo, kwa kawaida 0.01, ili aliyeangukia huko aweze kupanda. Sawa, ila angalia hiyo 0.01 vizuri, anapanda kwa kasi ndogo mara 100 kuliko alivyoshuka, kwa hiyo ukiendelea kumsukuma chini kwa `lr` kubwa atapanda polepole na kushushwa tena. Inamzuia asife, haimponyi haraka. `PReLU`, ambayo iko kwenye karatasi hiyohiyo ya He ya 2015, inauacha huo mteremko ujifunze wenyewe ukianzia 0.25, na hapo kupanda kunakuwa rahisi zaidi. `ELU` na `GELU` zina mkunjo laini karibu na sifuri na watu wanazisifia kwa hilo, `GELU` ndo imejaa kwenye transfoma, lakini usidhani zimeondoa kifo kabisa, ukienda mbali kwenye hasi mteremko wao nao unaelekea sifuri. `ELU` pale z ikiwa -4 ina mteremko wa kama 0.018 tu. Faida yao ni kwamba aliye karibu na mpaka hajakatwa ghafla.

Kuna moja ya nyongeza, maana huyuhuyu jamaa aliipata wiki ileile. Mtandao ukifanya kazi kwa ReLU akasema matokeo ya mwisho ni uwezekano, ngoja niweke sigmoidi kwenye leya ya mwisho yatoke kati ya 0 na 1. Usahihi ukapanda mpaka tisini na kitu, vizuri kabisa, lakini losi ikagoma kushuka chini ya 1.46. `CrossEntropyLoss` ya PyTorch ina softmax ndani yake tayari na inataka namba ghafi zisizo na aktivesheni. Ukizibana kati ya 0 na 1 kwanza, hali bora kabisa inayowezekana ni jibu sahihi kuwa 1 na mengine tisa kuwa 0, na softmax ya hapo inampa sahihi `e/(e+9)`, kama 0.232 tu, ambayo losi yake ni 1.461. Usahihi hauonyeshi kitu kwa sababu sigmoidi haibadilishi mpangilio wa nani mkubwa kuliko nani. Akaitoa hiyo leya, losi ikapita 1.46 kwenda chini dakika hiyohiyo. Sigmoidi mwishoni inakaa vizuri pale swali ni ndio au hapana, tena hata hapo ni salama zaidi kutumia `BCEWithLogitsLoss` na kuiacha ifanye sigmoidi yenyewe kwa ndani.